Jibu la Kati

Ukitaka kujua watu wazima wanavyoweza kugombana bila kutukanana, nenda kwenye kituo cha usahihishaji siku ya kuchagua majibu ya mfano. Utawakuta walimu wenye mvi, watu waliofundisha mama na baadaye binti yake, wanavutana kuhusu aya moja ya mtoto wasiyemjua: ni alama tano au ni nne? Na usiwacheke. Hiyo alama moja ndiyo mlango. Huku mtoto kafaulu, huku hakufaulu.

Mwaka huo jopo la somo la Kilimo lilikuwa na mwenyekiti mpya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka, aliyekuwa katibu wa jopo miaka na miaka chini ya mwenyekiti aliyestaafu. Ofisi ya mitihani ilimpa kiti kwa kukaimu tu, tena kwa sharti ambalo Mratibu wa kituo alimweleza kwa sauti laini, kama mtu anayekaribisha mgeni chai. Kufikia saa sita mchana siku ya Jumatano, wasahihishaji wote wawe wanapima kwa mizani moja. Wakishindwa, jopo litapewa mwenyekiti wa somo jingine, na yeye atarudi kwenye ukatibu wake.

"Si adhabu," alisema Mratibu. "Ni utaratibu tu."

Mwenyekiti alitabasamu. Kile kiti alikitaka. Alikitaka sana na hakuona haya kujiambia hivyo, maana miaka yote hiyo kazi alifanya yeye, sifa zikaenda kwingine.

Sasa tabu ni kwamba ukumbini hakuna aliyemwita Mwenyekiti. Kila mtu alimwita Katibu. Katibu, karatasi zimeisha. Katibu, dirisha hili halifungi. Hata mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa akikusanya simu zao kila asubuhi na kuzifungia sandukuni, alimwandika Katibu daftarini. Naye aliitika, kwa sababu kumkosoa mtu jambo dogo hivyo aliona ni kujikweza.

Chini yake, na kwa umri juu yake, walikuwepo wasahihishaji wakuu wawili. Wa kwanza ni mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina la utani Mzee Nyongeza. Alisahihisha kama mama wa sokoni anayekupimia kisha akakuongezea mkono mmoja juu. Mtoto akiandika neno "mbolea" mahali popote, hata kama swali halihusu mbolea, Mzee Nyongeza alimpa kitu. "Haba na haba hujaza kibaba," alikuwa akisema, kalamu inatembea. Wa pili ni Bibi Mkasi, mwembamba, mnyoofu, sauti yake haipandi wala haishuki. Huyo alianza na alama zote kumi mkononi, akawa anazikata moja moja kadiri anavyosoma. "Bandu bandu huisha gogo," ndiyo iliyokuwa yake. Wanafunzi wa Bibi Mkasi walipopata sita walikwenda nyumbani wakiimba.

Wawili hao walikuwa wakibishana tangu Mwenyekiti hajaanza hata kufundisha. Waliwahi kupishana juu ya muhogo kwa wiki nzima. Na wote wawili alipaswa kuwaamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kuwapa kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Swali la saba la mtihani lilikuwa la kujieleza, alama kumi: mkulima ana shamba kwenye mteremko mkali, kila mvua ikinyesha udongo unachukuliwa na maji, mshauri afanye nini, na kwa nini. Swali la namna hiyo halina jibu moja la kuwekea tiki. Kwa hiyo kabla usahihishaji haujaanza, wakuu huchimba katika marundo ya majibu halisi ya watahiniwa na kutoa mifano mitatu: wa juu, wa kati na wa chini. Tena si jibu lolote lililo zuri au baya. Mfano unaofaa ni ule uliosimama mlangoni mwa daraja lake, umevuka kizingiti lakini kidogo tu, ili msahihishaji akilinganisha ajue mlango uko wapi. Mfano hupewa alama ambayo wakuu wamekubaliana, na maelezo ya kwa nini. Kisha wasahihishaji wote hupewa nakala bila kuambiwa alama, kila mtu anapima kimya kimya peke yake, na ndipo inaonekana kama wanaona kitu kimoja.

Jumatatu walianza vizuri. Jibu la juu lilipatikana upesi. Mtoto aliandika kwamba matuta yakatwe kukingama mteremko, maana maji yakikutana na kizuizi hupunguza mwendo, na maji ya polepole hayana nguvu ya kubeba udongo. Akaongeza nyasi za kushikilia kingo za matuta, akaonya kuwa matuta bila nyasi hubomoka. Lilistahili nane. Hata Bibi Mkasi alikata mbili tu. La chini nalo lilijitokeza lenyewe: orodha ya maneno, matuta, nyasi, miti, bila sentensi hata moja ya kueleza miti inafanya nini. Mbili. Mzee Nyongeza alitaka tatu, akasema mwandiko wake unapendeza, wakamwangalia, akakubali mbili.

Ugomvi uliwangoja kwenye jibu la kati.

Mzee Nyongeza alikuwa na jibu lake alilolipenda kama mjukuu. Lilifunguliwa kwa aya moja nzuri ajabu, mtoto kaeleza jinsi alivyosimama mlangoni kwao akiangalia maji mekundu yakishuka, na kwa nini jembe lifuate mkingamo wa mlima. Baada ya aya hiyo, hakuna kitu. Karatasi tupu. "Huyu anajua," alisema Mzee Nyongeza. "Muda ndio uliomnyima." Bibi Mkasi naye alishika la kwake, jibu lisilo na mbwembwe, lenye mambo mengi yaliyotajwa kwa kifupi, mengine sawa, mengine si sawa. "Huyu amejibu swali mpaka mwisho," alisema. "Na kumaliza ni kazi."

Walivutana asubuhi, wakavutana mchana, chai ikapoa. Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha lisilofungwa, Mwenyekiti alichoka. Na alipochoka, akafanya kosa ambalo ni mwenyekiti wa jopo peke yake anayeweza kulifanya, maana mtu mwingine yeyote asingepewa nafasi. Alichukua aya nzuri ya jibu la Mzee Nyongeza, akaiunganisha na mwisho wa jibu la Bibi Mkasi, akaviandika upya kwa kompyuta kama jibu moja. Wakalipatia alama tano. Wazee wote wawili waliridhika, wakapeana mikono, wakamsifu. "Katibu ana busara," walisema. Aliondoka ukumbini siku hiyo akijiona mwanadiplomasia.

Jumanne asubuhi wasahihishaji wote walikaa mezani kwao, watu kama thelathini, kalamu nyekundu mbele. Wakapewa nakala tatu. Ukumbi ulinyamaza, ukabaki mlio wa karatasi na kikohozi cha mtu mmoja karibu na ukuta. Walipomaliza, kila mmoja aliandika alama zake kwenye kikaratasi, vikakusanywa, na Mwenyekiti akazichora ubaoni, nukta moja kwa kila mtu.

Jibu la juu: nukta zilikusanyika kwenye nane, chache saba, chache tisa. La chini: mbili, mbili, mbili, na tatu chache. Alikuwa tayari anatabasamu alipofika la kati.

Nukta ya kwanza ilikaa kwenye tatu. Ya pili kwenye nane. Ya tatu kwenye nne, halafu saba, halafu tatu tena. Mwisho ubao ulikuwa kama mchele uliomwagwa na mtu aliyekuwa akikimbia. Kwenye tano, alama yenyewe waliyokubaliana wakuu, palikuwa na nukta moja tu, na aliyeiweka alikiri baadaye kwamba alishindwa kuamua akaandika nusu.

Kupishana kwa alama moja huruhusiwa. Hii ilikuwa ni zaidi ya kupishana.

"Wenzangu," alianza Mwenyekiti, "hebu tusome tena kwa makini." Moyoni aliwalaumu wao. Alifikiri wamesinzia, au hawakusoma mwongozo.

Ndipo mwalimu mmoja, mgeni kituoni mwaka huo, mama kijana aliyevaa miwani mikubwa, akainua mkono kwa adabu. "Samahani, Katibu. Huyu mtahiniwa ni mmoja?"

"Una maana gani?"

"Hapa juu anasema jembe lifuate mkingamo wa mlima, na anaeleza vizuri kabisa kwa nini. Hapa chini anamwambia mkulima alime kutoka juu kwenda bondeni ili maji yapate njia. Mtu aliyeandika pale juu hawezi kuandika hapa chini. Labda apate homa katikati."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwenyekiti aliangalia karatasi yake na damu ikampanda usoni. Ilikuwa kweli. Waliompa nane walikuwa wamezawadia aya ya juu, waliompa tatu walikuwa wameadhibu ya chini, na wote walikuwa sahihi, maana walikuwa wakipima watoto wawili. Hakuna aliyesinzia. Aliyesinzia ni yeye, Jumatatu jioni, huku akijiita mwanadiplomasia.

Nyuma kabisa, kwenye kiti karibu na mlango, alikuwa amekaa Mratibu. Hakuna aliyemwona akiingia. Aliinuka taratibu, akakunja koti lake mkononi, akamkaribia Mwenyekiti.

"Kesho saa sita," alimkumbusha kwa upole uleule. "Bado una muda."

Jioni nyumbani Mwenyekiti hakuficha. Alimsimulia mumewe yote anayoruhusiwa kusimulia, maana yaliyomo kwenye karatasi za watahiniwa hayatoki nje ya kituo hata kwa mume. Mumewe ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na usiku huo alikuwa amekaa sakafuni na injini ya feni mapajani.

"Kwa nini uliunganisha?" aliuliza.

"Ni wazee wangu. Ningemkataa nani?"

"Ungemkataa mmoja."

"Na yule mmoja angenuna mpaka mwaka kesho."

"Basi sasa wamefurahi wote na wewe ndiye unayelia." Alipuliza vumbi kwenye injini. "Wazee wanaheshimiwa, mama watoto. Hakuna aliyesema wagawiwe nusu kwa nusu."

Alimrushia taulo la jikoni, lakini alilala na maneno hayo.

Jumatano alifika kabla ya wengine, akawaita wazee wawili kwenye chumba kidogo cha nyuma ya ukumbi, chumba cha meza moja ndefu na kabati la chuma. Aliwaamkia. Kisha akapiga moyo konde.

"Wazee wangu, jibu tulilotoa jana si jibu la mtu. Ni kosa langu, nililiunganisha mimi. Leo tunatafuta jibu halisi, la mtoto mmoja, kwa mwandiko wake, na makosa yake, na mistari aliyoifuta. Hatushoni tena."

"Basi turudi kwenye langu," alisema Mzee Nyongeza mara moja.

"La kwako karatasi tupu," alisema Bibi Mkasi.

"La kwako linamwambia mkulima afungue mfereji wa mafuriko."

Wakaanza upya kana kwamba Jumatatu haijapita. Mwenyekiti aliona saa ukutani inakimbia. Bahati yake, mlango ukafunguliwa na mhudumu wa jikoni akaweka chai na sinia la ndizi mbivu.

"Ndizi zenyewe hizi zimeoza," alisema Bibi Mkasi.

"Ndizi nzuri kabisa," alisema Mzee Nyongeza. "Wewe hujui ndizi."

Wakanyoosha mikono kwa pamoja, na mikono ikagongana. Sinia lilijaa ndizi, lakini wote wawili walikuwa wameshika moja, ileile, ya njano isiyo na doa, iliyokaa pembeni. Walitazamana kwa chuki ya kirafiki. Mzee Nyongeza akaiachia, akachukua nyingine. Bibi Mkasi naye akanyoosha mkono kuifuata hiyohiyo ya pili kabla hajagundua kuwa ya kwanza ni yake.

Mwenyekiti aliacha kikombe chake hewani. Mmoja alisema zimeoza, mwingine akasema nzuri kabisa, na mikono yao ilikuwa ikichagua kwa mpangilio uleule.

"Wekeni chini," alisema. "Ndizi, kalamu, kila kitu. Leo hakuna kutoa alama."

Alifungua kabati akatoa bahasha ya majibu waliyoyatenga tangu Jumatatu, yale yaliyozungukazunguka katikati, si mazuri sana, si mabaya sana. Akayapa herufi, akayatandaza mezani. Alimwomba Mzee Nyongeza atoke nje kidogo. Akamwambia Bibi Mkasi ayapange tu, lililo bora huku, lililo hafifu kule, bila kuandika namba yoyote. Bibi Mkasi alilalamika kwamba kazi isiyo na namba si kazi, lakini aliyapanga. Mwenyekiti akanakili herufi, akayachanganya tena, akabadilisha mzee kwa mzee. Mzee Nyongeza aliyapanga huku akiguna na kuwapa watoto pole.

Kisha akawakalisha pamoja, akawawekea mipangilio miwili kando kwa kando.

Ilikuwa karibu kitu kimoja. Mahali pamoja tu majirani wawili walibadilishana nafasi. Juu palepale, chini palepale.

Bibi Mkasi alisogea karibu, akavaa miwani. Mzee Nyongeza akaivua yake.

"Mnaona kitu kimoja," alisema Mwenyekiti. "Siku zote mmekuwa mkiona kitu kimoja. Mama, wewe unaanzia kumi na kukata. Baba, wewe unaanzia sifuri na kuongeza. Mnagombania namba tu. Macho yenu hayana ugomvi."

"Miaka yote hii," alisema Mzee Nyongeza taratibu.

"Usinitazame," alisema Bibi Mkasi.

Sasa palibaki kizingiti. Akamwambia Bibi Mkasi aanze chini, apande jibu baada ya jibu, asimame kwenye la kwanza ambalo dhamiri yake inakataa kulifelisha. Mzee Nyongeza aanze juu, ashuke, asimame kwenye la mwisho ambalo anaweza kulifaulisha na kulitetea mbele ya mzazi wa mtoto aliyepata zaidi. Walianza kutembea kando ya meza, mmoja upande huu, mwingine ule, kama watu wanaoaga maiti, na Mwenyekiti akajizuia kucheka.

Bibi Mkasi alisimama kwenye jibu K. Mzee Nyongeza aliifikia K, akasimama, kisha akavuka hatua moja zaidi, akaweka kidole kwenye J.

"Hili nalo," alisema.

J lilitaja njia zote, matuta, nyasi, miti, mitaro, na halikueleza hata moja inazuiaje udongo. Chini kabisa mtoto aliandika: samahani, muda umeisha.

"Angalia," alisema Mzee Nyongeza. "Ameomba msamaha."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Jumatatu, Mwenyekiti angetafuta namna ya kumfurahisha. Angesema tuweke J na K pamoja. Alimtazama mzee, uso mnene uliojaa huruma ya kweli, na alimpenda, na alijua anakwenda kumkatalia.

"Hapana, Baba. Amenigusa na mimi. Lakini swali limeuliza kwa nini, na J hakusema kwa nini hata mara moja. Tukimpitisha kwa sababu ya samahani, wasahihishaji wote watatafuta samahani. J yuko nje ya mlango."

Mzee Nyongeza aliondoa kidole kwenye J.

"Safi," alisema Bibi Mkasi. "Na K apewe nne, mwandiko wake ni wa kuku."

"Na wewe hapana, Mama. Mwandiko hauulizwi. K ni tano."

Jambo la ajabu, Bibi Mkasi aliketi akamenya ndizi.

Wakalisoma K kwa sauti. Kusema kweli lilikuwa jibu lisilo na sura. Lilikuwa kwenye bahasha tangu Jumatatu na kila mtu alilipita, kwa kuwa halikumchekesha mtu wala kumliza. Mtoto alisema matuta yakingame mteremko ili maji yasimame. Alisema nyasi zipandwe kwa sababu mizizi hushika udongo. Akataja miti bila kueleza. Hakuonya lolote, hakuoanisha lolote na ukali wa mteremko uliotajwa kwenye swali. Mambo mawili aliyajua na aliyaeleza, basi. Hivyo ndivyo alivyo mtu wa kati, anaonekana pale tu unapomkosa, na Mwenyekiti, mtoto wa tatu katika watoto watano, alimfahamu vizuri.

Alikaa kuandika maelezo. Alianza: "Mtahiniwa hakueleza..." akaifuta. Msahihishaji akisomewa tu yasiyokuwepo, atajuaje tano imetoka wapi? Akaandika kwanza kilichopo: njia mbili, kila moja na sababu yake iliyo sahihi. Kisha akaandika kinachomzuia asipande: hakuhusisha na ukali wa mteremko, hakuunganisha njia moja na nyingine. Kisha kinachomtofautisha na J aliye chini yake: sababu. Aliyasoma mbele ya wazee. Mzee Nyongeza akamwongezea neno moja. Bibi Mkasi akamkatia mawili.

Ukumbini waligawa nakala za K kama lilivyo, na mwandiko wake wa kuku na mchoro wa mlima uliofutwa. Kimya kilirudi. Mratibu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha nyuma, koti magotini. Vikaratasi vikakusanywa, na Mwenyekiti akashika chaki.

Tano. Tano. Nne. Tano. Sita. Tano. Nukta zilipandana moja juu ya nyingine mpaka zikawa mnara mdogo. Nne chache kushoto, sita chache kulia. Halafu, kikaratasi cha mwisho kabisa, nane.

Kicheko kikapita mezani. Mwenye nane, mwalimu mmoja kijana wa karibu na ukuta, yule wa kikohozi, alijitaja mwenyewe. "Nilimwonea huruma," alisema. "Inaonekana amejitahidi sana."

Kabla Mwenyekiti hajajibu, Mzee Nyongeza alikuwa ameshasimama. Alikwenda mpaka mezani kwa kijana, akaegemea kwa uzito wake wote. "Mwanangu," alisema kwa ukali ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "huruma ni ya nyumbani. Nionyeshe sababu ya tatu iko wapi." Kijana akatafuta. Hakuiona. Bibi Mkasi alijifunika uso kwa karatasi, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Wakasoma maelezo, wakajadili, kisha wakapewa jibu jingine wasilolijua, ili kuhakikisha kuwa wamejifunza mlango na hawakukariri namba tu. Nukta zikasimama pamoja tena, na safari hii kijana wa karibu na ukuta alikuwa ndani.

Mratibu aliinuka. Alitazama ubao, akatazama saa, ikiwa bado haijagonga sita. Akavaa koti lake.

"Anzeni kusahihisha, Mwenyekiti," alisema, na akatoka.

Ni kama mtu alifungua dirisha. Mchana huo neno lilizunguka meza zote: Mwenyekiti, karatasi zimeisha, Mwenyekiti, dirisha bado halifungi. Yeye aliitika kila mara kana kwamba ni kawaida, na kila mara moyo ulimruka.

Jioni, walipokuwa wanafunga mabunda kwa kamba, wazee wawili walimfuata chumba cha nyuma. Bibi Mkasi alitoa vikaratasi viwili vilivyokunjwa.

"Tumekupima," alisema. "Kazi yako ya siku tatu. Kila mtu peke yake, bila kuonyeshana. Utaratibu ni utaratibu."

Mwenyekiti aliogopa kuliko alivyoogopa ubao. Bibi Mkasi hakuwahi kumpa mwenzake kazini zaidi ya sita. Mzee Nyongeza hakuwahi kumpa mwenzake chini ya tisa, hata dereva aliyewahi kuwapoteza njia. Alifungua cha Bibi Mkasi kwanza.

Kumi, kilisema juu. Chini yake: toa mbili kwa kushona jibu Jumatatu. Toa moja kwa kutukubalia kwa sababu ya mvi zetu. Saba.

Alifungua cha Mzee Nyongeza. Sifuri, kilisema juu. Chini yake: mbili kwa kukiri kosa. Mbili kwa kutukumbusha tuna macho. Moja kwa maelezo. Mbili kwa kunikatalia J. Saba.

Aliviweka kando kwa kando mezani. Wazee waliinama kutazama, kila mmoja akisoma cha mwenzake kwa mara ya kwanza.

"Umemnyima," alisema Bibi Mkasi. "Ulipaswa kumpa tisa."

"Ningempa tisa angeniamini?" alisema Mzee Nyongeza.

Mwenyekiti alitaka kucheka na akajikuta anafuta macho kwa upande wa mkono. Tisa za Mzee Nyongeza alishazipata nyingi, hakukumbuka hata moja. Vikaratasi vile alivitia ndani ya mkoba, na mlangoni mlinzi alipomrudishia simu yake, yeye hakuona kama ameandikwa Katibu au Mwenyekiti, kwa kuwa hakuangalia.

Nyumbani mumewe alikuwa amemaliza feni, inazunguka dirishani kwa kelele.

"Mmekubaliana?" aliuliza.

"Tumekubaliana."

"Na wewe wamekupa ngapi?"

"Saba," alisema Mwenyekiti, akavua viatu, akaketi mbele ya upepo. "Wote wawili."